Mwanangu anaitwa majina mawili, mimi simwiti lolote

Shangazi, salaam.

Mimi ni Mkamba niliyeolewa na Mjaluo, tunaishi Changamwe, Mombasa. Mtoto wetu wa kiume ana wiki tano.

Mimba ilipokuwa ya miezi sita, mdogo wake mume wangu alijiua. Siku chache baada ya mimi kujifungua, mama mkwe alipiga simu kutoka Siaya akasema kamwota marehemu amesimama mlangoni, haingii wala haondoki. Kwao, ndoto kama hiyo ni aliyekufa anaomba jina. Wanaliita nying juogi. Mume wangu alilia, kisha akasema basi, jina limepatikana.

Baba mdogo wa mume wangu akakataa katakata. Angekuwa amekufa kwa maradhi, anasema, yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kumwita mtoto. Lakini aliyejitoa uhai hapewi wajina, kwa sababu jina huja na tabia zake na hata mwisho wake. Akaagiza tufanye ile ya kilio: mtoto akilia, mzee anataja majina ya waliotangulia mmoja mmoja, na pale anaponyamaza ndipo alipo mwenye jina. Ikafanywa kwa simu, spika imewashwa. Akanyamaza kwa jina la babu wa babu yake. Nisikufiche, Shangazi, wakati huo nilikuwa nimeshampa titi.

Mimi nilipendekeza Musyoka, maana kwetu ndiye aliyerudi, tungemkumbuka marehemu bila kumtaja. Mama mkwe akanijibu kwa upole kwamba mtoto ni wa kwao.

Cheti hakinisumbui. Sheria ya Kenya inaruhusu kizazi kisajiliwe kabla ya jina, nalo liandikishwe ndani ya miaka 2. Shida iko nyumbani. Baba mdogo akipiga simu anamuulizia kwa jina la yule babu. Mume anamwita kwa jina la nduguye. Mama mkwe, yeye humwita "mwanangu", si mjukuu wangu.

Laana siiogopi sana. Naogopa siku atakapouliza, "Huyu niliyeitwa jina lake alikufaje?" Tena mume wangu ndiye aliyemkuta nduguye siku ile. Usiku akiwa na mtoto kifuani akalitaja lile jina, sauti yake hubadilika, nami sijui anamwita nani.

Nimefikiria cheti kibebe jina la babu, la marehemu libaki la nyumbani, la baba na mwana tu. Je, hapo nitakuwa nimewapatanisha au nimewadanganya wote? Na mama mkwe aambiwe na nani? Nikisema mimi, nitaonekana mgeni ninayemfungia mwanawe mlango. Mume hawezi kulizungumza hili bila kulia.

Desemba tunatarajiwa Siaya na mtoto. Ningependa nifike nikijua nitamtambulisha kwa jina gani.

Mama Mtoto, Changamwe