Niliwaambia wanangu ni malaria

Anti, shikamoo.

Saa hizi ni saa tisa usiku na sijafumba jicho. Kitanda chetu kikisogezwa kidogo kinalia, nikaogopa kuwaamsha watoto, ndiyo maana nimekuja kukaa jikoni nakuandikia kwa simu. Usinione mama mbaya. Nyumba zetu unazijua, mtu akiugua kila mmoja anajifanya msemaji wake.

Niliwaambia wanangu naumwa malaria. Ni mimi niliyesema, si wifi. La wifi lipo na nitalifikia. Siku ile nimetoka kuchukua majibu ya kile kinyama walichonikata kwenye ziwa, nafika mlangoni, mdogo ananiuliza, "Mama unalia nini?" Mdomo ukatoa malaria. Ulitaka nimwambie nini mtoto wa miaka mitano? Malaria anaijua, watu wanaumwa na wanapona. Nikasema nitamrekebisha wiki ijayo nikipata nguvu. Sasa nimeshamaliza dripu ya tatu ya dawa ya kansa, na zinakwenda kila baada ya siku 21, hesabu mwenyewe.

Juzi mdogo akashikwa na homa. Zahanati wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, malaria ya kweli, akapewa dawa mseto ya siku tatu. Aliposikia lile neno hakulia, alinyamaza tu. Usiku ndipo akaniuliza, "Nywele zangu zitaanza kutoka lini?" Nikamwambia zako hazitoki, malaria yako ndogo. Uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Akakaa kimya muda, kisha akasema, "Mama, mimi ndiye niliyechana chandarua."

Alikichana kwa kuruka kitandani, kabla sijaanza kuumwa, na nilimchapa kwa hilo. Anti, tangu naanza dripu mtoto huyu kila jioni alikuwa anachomekea chandarua changu kwenye godoro, pande zote nne, anatafuta matundu kwa kidole. Mimi nikiwasimulia majirani, tunacheka, oneni mwanangu anavyonipenda. Kumbe miezi yote hiyo anajua yeye ndiye aliyeniletea ugonjwa. Kumbe anatubu.

Na sikudanganya kwa ubaya. Mume wangu ndiye aliyesema neno kansa lisitamkwe humu ndani, na yeye hayupo, yuko njiani na lori, anapiga simu kuuliza "mgonjwa amekula?" halafu anakata. Nimlaumu nani?

Sasa wifi. Amekuja kunisaidia, sikatai, anafua, anapika, Mungu amlipe. Lakini alimwita binti yangu wa miaka tisa uani akamwambia, "Mama yako ana kansa kama ya bibi, usimchoshe, ukimchosha itazidi." Bila kuniuliza! Mimi ndiye mama yao. Nilishangaa mtoto ghafla amekuwa mtu mzima, anaosha vyombo kabla hajaenda shule, haombi hata hela ya penseli. Aliniona hata mkojo ukiwa mwekundu siku ya dripu akanyamaza, akijua ni damu, akaogopa kuuliza asije akanichosha. Wakati ni rangi ya ile dawa tu, yenyewe ni nyekundu, siku moja au mbili mkojo unasafika. Sentensi moja ingemtua mzigo. Lakini ningeisemaje, wakati malaria haina dawa nyekundu?

Nilimweleza nesi mmoja kule ninakotibiwa. Alinisikiliza huku anafunga dripu, akasema mtoto mdogo asichoelezwa anakijaza mwenyewe, na mara nyingi anajiweka yeye kuwa chanzo. Akasema ugonjwa nisiuite malaria wala "kidonda", niutaje kwa jina lake, maana majina mengine mtoto atakutana nayo kwenye mwili wake. Hapo nikakumbuka dawa mseto nikalia mbele za watu.

Kwa huyu wa mitano akaniambia maneno yawe machache, nikayaandika nyuma ya kadi: Mama ana ugonjwa unaitwa saratani, watu wengine wanaita kansa. Upo kwenye ziwa. Haukuletwa na mbu, wala na wewe, wala na kitu chochote ulichofanya au kuwaza. Hauambukizi, unaweza kunikumbatia na kula na mimi. Nywele zimetolewa na dawa kwa sababu ni kali, dawa zikiisha zitaota. Siku za dripu shangazi atakupikia na kukupeleka shule. Basi. Akitaka kwenda kucheza nimwache aende, ndivyo alivyo, na kesho akiuliza yale yale nimjibu yale yale bila kumwambia nimeshakueleza. Na zile siku nilizomfukuza kitandani kwa sababu ana mafua, nimwambie ni dawa iliyonipunguzia kinga, sikumkasirikia. Hilo hata sikuwa nimelifikiria, nilikuwa nasema tu "toka huko".

Kwa mkubwa akasema nianze kwa kumuuliza, "Umesikia nini?" Nisimhutubie, nimwache aseme, ndipo nirekebishe yaliyopinda. Yeye anaweza kuelewa kwamba sehemu ndogo ndogo za mwili zimeanza kuota ovyo bila mpango, na dripu inazizuia, na baada ya dripu kuna kukatwa ziwa. Na kwamba kuomba penseli hakuongezi uvimbe.

Nimejaribu, Anti. Jumapili nilimkalisha, nikamuuliza umesikia nini. Akasema, "Nimesikia unaumwa kama bibi." Nikamwambia ya bibi ilikuwa ya shingo ya kizazi, alifika hospitali imeshasambaa, yangu ni ya ziwa na nimeanza kutibiwa, kansa si moja. Akaitikia vizuri kabisa. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo wewe hutakufa?"

Nikamwambia nenda kamwangalie mdogo wako.

Nesi alisema nisiape. Niseme madaktari wananipa dawa nzuri, nataka kupona, na mambo yakibadilika wewe nitakwambia mimi mwenyewe, hutasikia kwa mtu. Najua kuyaandika, hayo hapo nimeyaandika. Kuyatamka nikimtazama yule mtoto ndiyo siwezi. Nikisema "sitakufa" ni malaria nyingine. Nikisema "sijui", atalala vipi? Mimi mwenyewe nalala?

Kuna wakati nataka kumwambia wifi ashike adabu zake na asifungue tena mdomo kuhusu mwili wangu. Kuna wakati, na usinicheke, natamani awaite wote wawili uani awaeleze mimi nisiwepo. Ana sauti ya kueleza kitu. Naye alimuuguza mama yake mpaka mwisho, pengine ndiyo maana maneno yake yako vile. Lakini kwa nini hakuniuliza, Anti? Hilo linanichoma mpaka sasa.

Dripu ya nne ni Jumatano. Mume anasema nisubiri arudi, lakini akirudi atasema tena lisitamkwe. Niwaambie wawili pamoja au mmoja mmoja? Na huyu mdogo, nikimwambia haikuwa malaria, si atajua nilimdanganya, na kesho nikimwambia haikuwa kosa lake ataniaminije? Au nimwache na malaria yake, amalize dawa kwanza?

Jana jioni nimemkuta ameketi sakafuni na sindano ya wifi, anashona lile tundu kwa uzi mweusi. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia.

Nijibu kabla ya Jumatano.

Mama wawili, Dar es Salaam