"Hutaki pilipili?": swali linalorudisha sahani jikoni

Tukiitwa kufundisha wahudumu, jioni ya kwanza huwa hatufundishi kitu. Tunakaa meza ya pembeni, tunaagiza soda, tunasikiliza. Kwenye mgahawa mmoja wa Masaki jioni hiyo spesho ilikuwa pweza wa nazi, shilingi 28,000. Meza ya jirani walikaa mama mmoja na mumewe, wageni, wanaongea Kiingereza. Kijana aliyewahudumia alikuwa mchangamfu, akamweleza pweza wake mpaka nasi tukamtamani. Mwisho akauliza, kwa Kiingereza lakini kwa mtindo wetu wa Kiswahili: hutaki pilipili? Mama akajibu "no". Kijana akaandika kwenye oda: pilipili iwepo.

Sahani ilikaa mezani dakika mbili ikarudi. Mama alikuwa amemaliza glasi ya maji na anaomba nyingine. Mpishi akasema mhudumu hakusikiliza, mhudumu akaapa kwamba alisikiliza, na alikuwa anasema kweli.

Sisi ukituuliza "Hutaki pilipili?", tunajibu ile sentensi yako. Nikisema "ndiyo", nimekubaliana nawe: ni kweli sitaki. Nikisema "hapana", nimekukatalia: si kweli, nataka, weka. Mzungumzaji wa Kiingereza hajibu sentensi, anajibu jambo lenyewe. "No" yake maana yake hakuna pilipili, hata ungeuliza kwa namna gani. Kwa hiyo mama alisema wazi kwamba hataki, na kijana akasikia wazi kwamba anataka. Kosa la namna hii halina dalili yoyote mezani, kwa sababu kila mmoja anaondoka akiwa na uhakika.

Ndiyo maana mstari wa kwanza tunaoufuta kwenye mazungumzo ya mhudumu yeyote ni swali lenye "hu-" au "ha-": hutaki barafu, huhitaji kachumbari, hamuongezi kitu. Badala yake tunaweka swali la kuchagua, lile lile kwa lugha zote mbili. Kwa Kiswahili: "Pweza wetu ana pilipili kidogo. Tuweke, au tusiweke?" Kwa Kiingereza, kama vijana wanavyoliandika kwenye daftari kwa kufuata sikio: "Wud yu laik it widh chili, o no chili?" Swali hilo halijibiki kwa ndiyo wala hapana. Mgeni analazimika kukitaja kitu chenyewe. Akijibu "yes" tu, mhudumu ajue hajaeleweka na aulize upya, taratibu, bila kucheka.

Kurudia oda nako kuna namna yake. Yule kijana alirudia, tulimsikia, ila alirudia majina ya vyakula peke yake: pweza mmoja, changu mmoja, maji makubwa. Ugomvi hauko kwenye jina la chakula, uko kwenye lile dogo lililoombwa juu yake. Script yetu, yaani maneno tunayomwandikia mhudumu ayaseme mezani, inamtaka arudie hivi: "Pweza mmoja, bila pilipili. Changu mmoja wa kuchoma, na ndizi badala ya chipsi." Kisha anyamaze, ahesabu moja mbili kimoyomoyo akiwatazama. Wengi hawapendi ukimya huo, wanakimbilia jikoni. Lakini hapo ndipo mgeni anaposema "aa, samahani, changu ni wangu, pweza ni wa mume wangu".

Kueleza spesho tunakufundisha kwa mfuatano mmoja usiobadilika: jina, kimepikwaje, kinakuja na nini, bei. "Karibuni sana. Leo tuna spesho ya pweza wa nazi. Amechemshwa kwanza mpaka akalainika, halafu akapikwa kwenye tui zito. Anakuja na wali au ugali, pamoja na kachumbari. Sahani ni elfu ishirini na nane." Kwa Kiingereza hatumruhusu mhudumu ajaribu kutafsiri yote hayo. Jina la chakula abaki nalo kwa Kiswahili, kisha aseme ni kiumbe gani, kimepikwa na nini. Sentensi mbili fupi zinatosha. Atakayetaka zaidi atauliza.

Bei tunaisema bila kusubiri kuulizwa, na ikiwa kwa Kiingereza tunaionyesha pia. Kumi na tano na hamsini za Kiingereza zinakaribiana sana masikioni, hasa muziki ukiwa juu, na tofauti ya 15,000 na 50,000 haisuluhishwi kwa tabasamu wakati wa bili. Andika tarakimu kwenye kijitabu cha oda, mgeuzie mgeni. Samaki anayeuzwa kwa ukubwa ndiye mwenye kesi nyingi kuliko wote: mlete kwenye sinia akiwa mbichi, taja bei ya huyo huyo, mgeni akikubali ndipo aende kwenye jiko la mkaa.

Kuna neno jingine dogo linalotuchekesha kila darasa. Sisi tunauliza "Soda ya moto au ya baridi?" na kila mtu anajua ya moto ni ile ambayo haikukaa kwenye friji. Ukiitafsiri neno kwa neno, mgeni anadhani utamchemshia bia. Muulize kama anataka iliyotoka kwenye friji au ambayo haijapoa, basi.

Na lugha gani uanze nayo? Kiswahili, kwa kila anayeingia. Vijana wengi wanachagua lugha kwa kutazama rangi ya ngozi, halafu wanamwongelesha Kiingereza mzee aliyezaliwa Upanga, naye anakasirika, na ana haki. Mkaribishe kwa Kiswahili, mwenye umri mpe shikamoo yake, kisha fuata lugha atakayokujibu. Meza ikiwa na mchanganyiko, spesho ielezwe mara mbili, kwanza kwa lugha ya mgeni wa mwenyeji. Usimwachie mwenyeji kazi ya ukalimani. Amekuja kula.

Sehemu moja ya script haina maneno ya kupamba kabisa, nayo ni mgeni anaposema kuna chakula kinachomdhuru. Hapo mhudumu hakisii. "Nadhani haina" ni sentensi iliyopigwa marufuku kwa lugha zote mbili. Kisamvu cha nazi jikoni kwetu mara nyingi kina karanga iliyosagwa, na ukikitazama kwenye bakuli huioni. Chipsi nazo hazina kamba ndani, lakini zikikaangwa kwenye mafuta yale yale yaliyokaangia kamba, kwa mtu ambaye kamba wanamdhuru chipsi hizo si salama. Mhudumu hawezi kuyajua haya akiwa mezani. Kwa hiyo anasema: "Asante kwa kuniambia. Naenda kumuuliza mpishi sasa hivi, nakuja na jibu." Anaandika jina la kitu kinachomdhuru mgeni juu kabisa ya oda na kulizungushia duara, anamsomea mpishi kwa sauti, anarudi na jibu la mpishi. Na mpishi akisema hana uhakika, jibu linalopelekwa mezani ni hilo hilo: "Mpishi hana uhakika na chakula hiki. Naomba nikuonyeshe ambavyo ana uhakika navyo."

Mafunzo yenyewe tunayafanya kwa siku tatu, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja, wageni wa mchana wakiwa wameondoka na wa usiku hawajaanza kuingia. Mpishi naye tunamwomba akae darasani siku ya tatu, maana yeye ndiye anayesoma mwandiko.