Popo hana haja na nywele zako

Mhariri,

Juzi usiku nilisikiliza redioni mazungumzo kuhusu popo. Mtaalamu alieleza vizuri kwamba popo anayepita karibu na kichwa chako hataki nywele zako. Mbu na nondo wamekuzunguka wewe na taa yako, naye anawafuata hao. Hutoa sauti nyembamba tusizozisikia, akasikiliza mwangwi, akamnasa mdudu kwenye giza totoro. Popo wanyonya damu wako aina 3 tu, na wote ni wa bara la Amerika.

Lililonivutia zaidi ni la mbegu, ila mtangazaji alilikatiza kwa muziki! Popo wa matunda hutafuna tunda, akafyonza maji yake na kutema makapi. Mbegu ndogo, kama za mkuyu, huzimeza, nazo hutoka na kinyesi, mara nyingi kabla ya saa moja kwisha. Ndege wengi hunya wakiwa wametua tawini. Popo hunya hata akiwa angani, kwa hiyo mbegu huanguka hadi kwenye ardhi iliyofyekwa miti. Kokwa kubwa hazimezi, huziangusha chini ya mti anakolia. Ukikuta asubuhi vidonge vya makapi vimezagaa hapo, ndiye.

Moja halikusemwa. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, kwani huweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo.

Msomaji wako