Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu: rudisha alama za swali la methani

YAH: MWONGOZO WA KUSAHIHISHIA MTIHANI WA MOKO, KEMIA KIDATO CHA SITA

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo mzee. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilitaka barua hii ipite kwa mkuu wa shule, kama utaratibu unavyotaka. Ilipita. Zilizoitangulia nazo zilipita, na nadhani zimelala vizuri kwenye faili. Sasa matokeo ya moko yamebandikwa, na wanafunzi wa shule zetu hizi za kandokando ya ziwa, kuanzia huku Igoma hadi ng'ambo ya Busisi, wamenyimwa alama kwa kosa la kujibu sawasawa. Ndiyo maana nakuandikia hadharani.

Swali lenyewe si geni. Limekuwa likirudi kwenye mitihani iliyopita kwa sura mbalimbali, na kila mwalimu wa kemia analijua. Mwanafunzi anapewa enthalpi za mwako: kaboni ya grafaiti −393.5, haidrojeni −285.8 na methani −890.3, zote kwa kilojuli kwa moli. Anaambiwa achore mzunguko wa enthalpi, kisha atafute enthalpi ya kuundika kwa methani. Tunawauliza hivi kwa sababu huwezi kutia grafaiti na haidrojeni kwenye kalorimita ukategemea zikupe methani tupu. Kuchoma, kila kimoja kinachomeka, na joto lake linapimika. Hapo ndipo sheria ya Hess inapotuokoa, kwamba ukianzia na kuishia mahali palepale jumla ya enthalpi ni ileile kwa njia yoyote utakayopita, na imekuwa ikituokoa tangu 1840.

Binti mmoja wa darasani kwangu alichora hivi. Juu kushoto aliweka C + 2H₂, juu kulia CH₄, na mshale kati yao kuelekea kulia: huo ndio unaotafutwa. Chini aliweka CO₂ + 2H₂O. Kutoka kushoto akashusha mshale, maana vitu hivyo vikichomwa vinafika chini. Kutoka kwenye methani akashusha mwingine, kwa sababu ile ile. Mshale wa kushoto ukawa na −393.5 pamoja na mara mbili ya −285.8, yaani −965.1. Hakusahau mbili, ingawa wengi huisahau. Wa kulia ukawa −890.3. Kisha akasafiri: akashuka kushoto akifuata mshale, akapanda kulia kinyume cha mshale, na kwa kuwa alikwenda kinyume akageuza alama. −965.1 + 890.3 = −74.8 kJ mol⁻¹. Vitabu vya kemia navyo vinasema hivyo hivyo.

Akapewa sifuri. Mwongozo uliotoka ofisini kwako unasema +74.8.

Aliyeketi nyuma yake hakuchora mzunguko wowote. Aliandika kanuni moja, "mazao toa vitendanishi", akapachika namba, akapata +74.8, akachukua alama zote. Zikiwemo za mzunguko, mzee. Alama za mchoro ambao haupo!

Chanzo nakikisia. Nahisi aliyeandaa mwongozo alichukua majibu ya swali jingine la zamani, lile linalotoa enthalpi za kuundika, akabeba na kanuni yake bila kutazama mishale. Kwenye swali la namna hiyo elementi zinakaa chini na mishale inapanda kwenda kwa vitendanishi na kwa mazao. Ukisafiri unaanza kwa kwenda kinyume upande wa vitendanishi, ndipo unapata mazao toa vitendanishi. Kwenye mwako mishale yote inashuka, kwa hiyo kinachogeuzwa ni upande wa mazao, na hesabu inakuwa vitendanishi toa mazao. Mwanafunzi anayechora hahitaji kukariri yoyote kati ya hizo mbili. Anayekariri bila kuchora anapata namba sahihi yenye alama ya uongo, na ndiyo maana kosa hili halishtui: 74.8 inaonekana ileile.

Lakini linagundulika kwa dakika moja, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Chukua jibu la mwongozo ulirudishe kwenye swali. Tafuta mwako wa methani kwa enthalpi za kuundika: kaboni dayoksaidi −393.5, maji mara mbili −571.6, jumla −965.1, kisha toa ya methani. Ukitoa −74.8 unapata −890.3, namba iliyochapwa kwenye karatasi ya swali. Ukitoa +74.8 unapata −1039.9, namba ambayo haimo popote. Mtu mmoja mwenye kalamu angeliona hilo kabla shule hazijapelekewa bahasha. Na ulituahidi watu wawili. Kwenye kikao cha walimu wa sayansi mwaka jana ulisimama mwenyewe ukasema kila mwongozo utapitiwa na walimu wawili ambao hawakutunga mtihani. Tulipiga makofi. Nauliza kwa heshima zote: hao wawili ni kina nani, na walikuwa na kalamu?

Kipengele (b) nacho kimeniumiza, ingawa kidogo. Kiliuliza joto linalotoka gramu 8 za methani zikiungua kabisa. Moli moja ni gramu 16, basi hiyo ni nusu moli, na nusu ya 890.3 ni kilojuli 445 zinazotoka. Mwongozo umeandika "−445 kJ mol⁻¹" na kuagiza anayeandika "kJ" akatwe. Jamani! Ukishazidisha kwa idadi ya moli, "kwa moli" imekwisha kufutika. Kilichobaki ni kJ tupu. Na kwenye kipengele (a), ambako "kwa moli" inatakiwa, mwongozo umeandika kJ peke yake. Yaani vizio vimebadilishana viti. Watoto waliofundishwa vizuri wamekatwa mara mbili.

Utaniambia ni moko tu, haiingii kwenye cheti. Kweli. Lakini matokeo hayo yamebandikwa ukutani, wazazi wameyasoma, na mimi nimeitwa kujieleza kwa nini somo langu limeshuka. Nimejieleza mbele ya watu wasiotaka kuona mshale hata mmoja. Baya zaidi, binti yule alikuja kuniuliza kama kwenye mtihani wa taifa aandike kutoa au kujumlisha. Nikamwambia kutoa. Akaniuliza, "Mwalimu, na wakisahihisha kama hawa?" Sikuwa na la kumjibu, na nimefundisha somo hili miaka mingi.

Nilitaka kuomba mambo mengi: semina, watunzi wapya, malipo ya wasahihishaji yanayochelewa mpaka mtu anakopa nauli ya daladala. Nayaacha. Naomba moja. Toa waraka wa ukurasa mmoja kwa shule zote zilizofanya mtihani huu, useme jibu la kipengele (a) ni −74.8 kJ mol⁻¹, la (b) ni kJ bila moli, na kwamba alama za mzunguko ni za aliyeuchora. Karatasi za majibu bado zipo shuleni, nasi tutazisahihisha upya bila posho. Ukurasa mmoja tu, mzee, na utoke kabla wanafunzi hawajafunga shule.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kemia, Mwanza

Nakala: Wazazi wa kidato cha sita