Kwa nini kahawa ya unga huchuja na kupoteza harufu siku chache baada ya kusagwa

Mteja wetu mmoja wa Dar es Salaam alinunua nusu kilo ya kahawa ya unga. Wiki ya kwanza alipiga simu kushukuru. Wiki ya tatu akapiga tena: imebaki uchungu mtupu, harufu hakuna, akadhani tulimpa mzigo wa zamani. Mzigo ulikuwa mpya. Tatizo ni kwamba tulimsagia yote kwa mkupuo mmoja.

Punje iliyokaangwa hubaki na hewa ya ukaa ndani yake. Ikiwa nzima, hewa hiyo hutoka polepole kwa wiki kadhaa, na oksijeni haipati nafasi kubwa ya kupenya. Ukiisaga, punje moja inakuwa mamia ya chembe. Sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka siku hiyo hiyo na kuondoka na harufu. Harufu nzuri inayojaza duka tunaposaga imetoka kwenye kahawa yako, na haitarudi kikombeni. Kisha oksijeni huanza kuchachisha mafuta ya kahawa, na kila ukifungua kopo unaingiza hewa mpya. Unyevu wa pwani huongeza kasi.

Ukitaka kuipima, mwagia unga maji ya moto kidogo. Mpya huumuka na kutoa povu. Iliyochuja hutulia tu kama udongo uliolowa. Kahawa iliyokaangwa kidogo haiumuki sana hata ikiwa mpya, kwa hiyo inuse pia. Ikinukia boksi au mafuta ya zamani, imechuja. Haitakudhuru maadamu ni kavu na haina ukungu, ila ladha imekwenda.

Tukarudi kwenye hesabu ya mteja wetu. Anakunywa vikombe viwili kwa siku, kila kimoja gramu 10. Nusu kilo inamchukua siku 25, na gramu 100 zinamtosha siku 5. Sasa ananunua gramu 100 za unga, au robo kilo ya punje na kusaga asubuhi kwa kinu cha mkono. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, sisi tungenunua kinu.

Unaponunua unga, popote pale, uliza umesagwa lini. Tarehe ya mwisho ya matumizi haikuambii hilo. Nyumbani, uweke kwenye chombo kidogo kinachojaa na kufunga vizuri, mbali na jiko. Usiuweke kwenye friji ya kawaida: utanuka vitunguu, na ukiutoa utashika unyevu. Ukilazimika kununua mwingi, ugawe kwenye vifuko vya matumizi ya siku mbili tatu, ubane hewa yote itoke, uviweke kwenye friza. Kifuko ukikitoa, kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, na usikirudishe.

Wanaochemsha kahawa ya dele kwa tangawizi na iliki hawatauona upungufu huu haraka, maana viungo huuficha. Wanaokunywa kahawa tupu watauona ndani ya wiki.