Kuhusu zile picha za Chui

Mambo Asha,

Picha nimezipata, pole na kukesha na mbwa wako Chui anayejikuna. Unasema ni choa kwa sababu kipara ni cha duara, na jirani keshakushauri umpake oili chafu ya gari. Oili usimpake kabisa, inachoma ngozi halafu akiilamba ni sumu.

Sasa zile picha mbili za karibu karibu kwa kweli hazikunisaidia, ukisogeza simu hivyo vipara vyote vinafanana. Iliyoniambia kitu ni ile ya tatu uliyopiga kwa bahati mbaya, Chui amegeuka anaondoka. Manyoya yamenyonyoka kiunoni mpaka shina la mkia na nyuma ya mapaja, kama pembetatu, na yaliyobaki yamekatika sababu anayatafuna. Hapo ndipo mzio wa viroboto unapokaa. Choa mara nyingi hakiwashi hivyo, kina magamba magamba na vinywele vimekatika kama vimenyolewa, na kinapenda uso, masikio na miguu.

Najua utasema mbona viroboto sijaviona. Mbwa mwenye mzio hasumbuliwi na wingi wao, ni mate yao, vikimuuma vichache tu anawashwa siku kadhaa, na anavyojitafuna hivyo vingine anavimeza. Kwahiyo tafuta mavi yao. Chana manyoya ya kiunoni juu ya tishu nyeupe iliyoloa, vile vidoti vyeusi vikiacha rangi ya wekundu wa kutu basi ni damu iliyosagwa, mchanga hauachi rangi. Usipoviona bado haimaanishi hakuna, hasa kama umemuogesha juzi.

Kinachonitia wasiwasi kidogo ni upele wa utitiri, maana nao unawasha balaa. Ule unaanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumboni, na masikio hukuyapiga hata picha moja! Sugua ukingo wa sikio lake taratibu kwa vidole, akianza kupiga mguu wa nyuma kama anajikuna, shuku upele huo. Na wewe au watoto mkianza kuwashwa mikononi niambie haraka. Hapo picha hazitoshi, daktari wa mifugo lazima akwangue ngozi aangalie kwa darubini, na hata hivyo wale wadudu wanaweza wasionekane.

Nipigie upya mchana nje, bila flashi, moja ya mbwa mzima ubavuni, moja ya masikio, moja ya tumbo, halafu fungua manyoya kwa vidole pembeni ya kipara uweke sarafu tupate ukubwa. Tuma kama dokumenti maana zikitumwa kawaida zinapungua ubora.

Halafu una paka eh? Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini usimguse nayo paka, inaua.

Wako,
Neema