Kwa nini Jumamosi asubuhi mtoto haanzi na roboti

Kila baada ya mafunzo yetu ya wikendi hapa Malindi hupata ujumbe wa namna moja. Wa mwisho ulitoka kwa mzazi mmoja wa Barani: "Mwalimu, nimelipa mtoto afundishwe roboti. Nimepita saa nne kasoro nikamkuta amefungwa kitambaa machoni anatembezwa ukumbini. Hiyo ni haki kweli?" Wengine hawalalamiki, huuliza tu kama wanaweza kumleta mtoto Jumapili peke yake na kulipa nusu. Naona ni heri nieleze siku mbili hizo zinavyokwenda, na hasa saa tatu za mwanzo, maana ndizo zinazoonekana kama mchezo.

Saa tatu asubuhi watoto hukaa wawili wawili. Mmoja hufungwa kitambaa, mwenzake huandika maagizo kwenye vikaratasi: hatua tatu mbele, geuka kulia, hatua mbili mbele. Aliyefungwa macho hufanya lililoandikwa tu, haongezi la kwake. Hapo ndipo kelele huanza, kwa sababu "geuka kulia" haisemi ugeuke kiasi gani. Mmoja atageuka robo, mwingine atazunguka hadi aangalie alikotoka, na kila mtu anadai amefuata agizo. Mwandishi analazimika kurudi kwenye kikaratasi chake kuandika kipimo. Mtoto akishagombana na mwenzake juu ya hilo, simwambii tena kwamba roboti haikisii.

Saa nne tunafungua kompyuta. Tunatumia bodi ndogo ya micro:bit iliyopachikwa kwenye kigari cha magurudumu mawili, kila gurudumu na mota yake, na bloku, yaani vipande vya maagizo, tunazipanga kwenye kompyuta katika MakeCode. Programu ikiwa tayari inashuka kama faili ya `.hex`, nayo inanakiliwa kwenye diski inayojitokeza kwa jina la `MICROBIT`. Waya tunaleta wenyewe. Wazazi hutupa waya wa simu, na nyingi za hizo ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Taa ya bodi inawaka, mtoto anaona mambo sawa, lakini diski haitokei ng'o.

Kuanzia saa tano hadi adhuhuri kuna kazi moja tu: kuifanya roboti igeuke nyuzi 90. Kigari hiki hakijui nyuzi. Kinachojua ni kuendesha gurudumu moja mbele na jingine nyuma kwa kasi fulani, kwa muda fulani, kisha kusimama. Muda huo unapimwa kwa milisekunde, yaani 1000 ni sekunde moja. Kwa hiyo mtoto lazima autafute muda wake mwenyewe, kwa roboti yake, juu ya sakafu ile ile.

Nitatoa mfano wa mabinti wawili wa Maweni. Tulichora kwa chaki pembe mraba kwenye sakafu, wakaiweka roboti juu ya mstari, wakaanza na 500. Roboti ikageuka nyuzi 70. Wakapiga hesabu: 500 mara 90, gawanya kwa 70, ikatoka 643. Wakaandika 640. Roboti ikapita kidogo, ikafika 92. Mmoja akasema hesabu imekosea. Hesabu haikukosea; mota ikiwashwa huchukua kitambo kidogo kabla haijashika kasi, na kitambo hicho hakirefuki eti kwa kuwa muda umeongezwa. Wakashuka hadi 630, ikakaa sawa juu ya chaki. Nyuzi mbili za ziada zinaonekana hazina maana, lakini kwenye mraba wa kona nne zinakuwa nane, na roboti haiangalii tena ilikoanzia.

Wakishapata namba hiyo ndipo wanapanga bloku zenyewe. `mbele`, `kata` na `simama` ni vijiprogramu walivyovitengeneza na kuvipa majina wao, na namba ya 630 imo ndani ya `kata`:

```
on button A pressed
  repeat 4 times
    call mbele
    pause (ms) 1000
    call simama
    call kata
    call simama
```

Jumapili tunaanzia hapa. Tunaongeza kihisio cha umbali ili roboti isimame kabla ya kugonga ukuta, na kila kundi linachora njia yake sakafuni na kuipitisha roboti. Haya huenda haraka, kwa sababu kila mtoto anajua roboti yake ikipotea aanze kukagua wapi.

Sasa turudi kwa wale wa Jumapili tu. Baba mmoja alimleta kijana wake asubuhi ya pili, akasisitiza kwamba mtoto ni mwepisi, atashika. Kijana alikuwa mwepisi kweli. Akanakili programu ya jirani yake, pamoja na ile namba ya ndani ya `kata`. Roboti ya jirani ikachora mraba, yake ikachora kitu kama jahazi lililopinduka. Mota mbili za aina moja hazilingani kabisa, na hata mchanga ulioshika gurudumu, ambao Malindi haukosekani, hubadilisha mzunguko. Asubuhi nzima alibadilisha bloku zilizokuwa sahihi na kuiacha namba ambayo haikuwa yake. Mwezi uliofuata baba yake alilipa siku mbili kamili, juu ya ile nusu aliyokwisha kutoa.

Njia nyingine ya mkato ni betri. Tunatoza shilingi 3,500 kwa mtoto, na mara nyingi mzazi huniambia, "Punguza, betri nitanunua mwenyewe." Kisha analeta zile za bei rahisi za redio. Zile hazihimili mota. Mota zikianza kuvuta, umeme unashuka ghafla na bodi inajizima na kuwaka upya. Dalili yake ni rahisi kuiona: alama ambayo programu huonyesha bodi inapowashwa inajitokeza tena kwenye vitaa vya bodi kila roboti inapotaka kuondoka. Mtoto anatafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa. Hata zisipojizima, nguvu yake hupungua saa hadi saa, na ile 630 ya asubuhi inageuza nyuzi 80 kufikia mchana.

Sisi tunatumia betri za kuchaji. Kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini inashikilia nguvu yake karibu bila kubadilika hadi inapokaribia kwisha, na namba ya mtoto inadumu. Zote zinachajiwa usiku wa kuamkia Jumamosi na tena usiku wa kuamkia Jumapili. Baada ya kila wikendi tunasafisha vishikio vyake, kwa sababu hewa ya bahari hapa inavila vikageuka kijani. Hiyo 3,500 ndiyo inayolipia kazi hizo, na roboti moja kwa watoto wawili. Makundi ya wanne wanne kwa roboti moja yangeshusha bei, lakini wawili kati yao wangeondoka wakiwa watazamaji.

Mzazi ambaye Jumamosi haimfai kabisa, asimlete mtoto Jumapili. Aniambie, nitamweka kwenye mafunzo ya mwezi unaofuata kwa bei ile ile. Na anayetaka kuhakikisha tunachofanya asubuhi ile, karibu saa tano, ukae sakafuni na mtoto wako mtafute namba yenu. Chaki tunayo.